Jinsi ya Kuandika Muhtasari wa Mafanikio Yako kwa Ajili ya Tuzo Bila Kutia Chumvi

Fomu nyingi za tuzo zina sehemu moja inayowatoa watu jasho: "Eleza mafanikio yako katika kipindi husika." Nafasi ni finyu, anayeandika ni wewe na anayeandikwa ni wewe. Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaoandika kama wanagombea kiti: mageuzi makubwa, ubunifu wa hali ya juu, matokeo ya kihistoria. Wapo pia wanaoona haya kujisema, wakajificha nyuma ya "timu yetu" mpaka msomaji asijue walifanya nini. Makundi yote mawili hukwama pale pale, kwa kuwa jaji akimaliza kusoma hana cha kuandika kwenye karatasi yake ya alama. Anajua mtu amejisifu, au anajua kazi fulani ilifanyika, lakini hajui nani alifanya nini, lini, na itathibitishwa vipi.

Njia ninayoieleza hapa inaanza na ushahidi, kisha inaendelea na hesabu, na sentensi huja mwisho. Nitafuata mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho: mtunza stoo ya dawa wa hospitali anayejaza fomu ya tuzo ya utumishi bora. Rasimu yake ya kwanza ilisema hivi: "Nimeleta mapinduzi makubwa katika usimamizi wa dawa, nimepunguza upotevu kwa asilimia 80 na kuokoa maisha ya wagonjwa wengi." Mtu huyu hakukusudia kudanganya. Alifanya kazi nzuri kweli, na ndiyo maana inafaa tuone sentensi yake ilipotoka nje ya mstari.

Kwanza, soma fomu yenyewe

Kabla ya kuandika chochote, toa mambo manne kwenye maelezo ya tuzo: kipindi kinachohesabiwa, vigezo na uzito wa kila kimoja, idadi ya maneno inayoruhusiwa, na viambatisho vinavyokubaliwa. La kipindi ndilo huwaangusha wengi. Ukiwa ulianza kazi miaka miwili iliyopita na tuzo inahesabu mwaka mmoja tu, unaweza kutaja mwanzo huo kama historia kwa sentensi moja, lakini matokeo unayodai yawe ya ndani ya kipindi. Kuhusu vigezo, ikiwa ubunifu umepewa alama 40 na uongozi alama 10, usitumie nusu ya maneno yako kueleza ulivyoongoza vikao. Yatosha, twende kwenye kazi yenyewe.

Kusanya ushahidi kabla hujaandika sentensi

Chukua karatasi au jedwali la kompyuta, gawa safu nne: dai, ushahidi, ulipo ushahidi huo, na mtu anayeweza kuthibitisha. Anza kujaza safu ya pili, ile ya ushahidi. Ukianza na dai, utajikuta unatafuta karatasi za kulitetea na kuziruka zinazolipinga. Ukianza na karatasi, dai litapata ukubwa wake wenyewe.

Ushahidi hauna uzito sawa. Wenye nguvu kuliko wote ni kumbukumbu zilizokuwepo kabla hujawaza habari ya tuzo: leja, ripoti za robo mwaka, mihtasari ya vikao, barua zenye tarehe. Nguvu yake inatokana na kwamba hakuna aliyeziandika ili kukupendezesha. Unaofuata ni ule ulioandikwa na wengine kwa sababu zao wenyewe, kama ripoti ya mkaguzi au tathmini ya idara. Wa mwisho ni barua za kukusifu ulizoomba wiki hii. Hizo zina kazi yake, lakini si kazi ya kuthibitisha namba. Barua ya mfanyakazi mwenzako inafaa kuthibitisha kwamba wazo lilitoka kwako au kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukitengeneza orodha kila mwezi, jambo ambalo leja haliwezi kulisema.

Mtunza stoo wetu alipata vitu vinne: daftari la dawa zilizoisha muda, ambalo kila fungu la dawa linaloondolewa huandikwa na kutiwa saini na watu wawili, leja ya mapokezi, muhtasari wa kikao ambacho alipendekeza utaratibu mpya, na nakala za orodha za kila mwezi alizokuwa akizituma wodini. Alipotafuta ushahidi wa "kuokoa maisha ya wagonjwa wengi", hakupata kitu. Safu ya pili ilibaki tupu, na dai lenye safu tupu halipandi kwenye fomu, hata kama moyoni unaamini ni kweli.

Kabla ya kuambatisha chochote, pitia kila ukurasa uone kama una majina ya wagonjwa, wateja au wanafunzi, au siri za taasisi. Funika majina hayo kisha utengeneze nakala mpya. Kuyafunika kwa kalamu nyepesi hakutoshi, maana yakiinuliwa kwenye mwanga husomeka. Nyaraka za ofisi zinahitaji ruhusa ya mwenye mamlaka nazo, na ni vyema ruhusa hiyo iwe ya maandishi.

Ihoji namba yako kabla jaji hajaihoji

Sehemu hii ndiyo inayohitaji utulivu kuliko zote. Namba sahihi kihesabu inaweza kuwa chumvi tupu kwa namna ilivyochaguliwa.

Tazama ile asilimia 80. Mtunza stoo alianza utaratibu wake mwanzoni mwa mwaka wa fedha. Katika mwaka uliotangulia, mafungu ya dawa yaliyoisha muda yakiwa stoo yalikuwa 9 katika robo ya kwanza, 8 katika ya pili, 9 katika ya tatu na 20 katika ya nne. Katika mwaka wa utaratibu mpya yalikuwa 6, 5, 4 na 4. Asilimia 80 ilitokana na kulinganisha robo iliyokuwa mbaya kupita zote na robo ya mwisho: kutoka 20 hadi 4. Hesabu ni sahihi, ulinganisho ndio mbovu. Kipindi kibaya kupindukia mara nyingi hufuatwa na kipindi cha nafuu hata pasipo mtu kufanya lolote, kwa hiyo ukikifanya kuwa mwanzo wa hesabu unajipa sifa ya jambo ambalo pengine lingetokea lenyewe.

Dawa yake ni kulinganisha vipindi vinavyolingana: mwaka kwa mwaka, au robo ya kwanza kwa robo ya kwanza. Jumla ya mwaka wa kwanza ni 46, ya mwaka wa pili ni 19. Hapo tunapata pungufu ya karibu asilimia 59. Ni namba nzuri, na wengi wangeishia hapo.

Lakini kwa nini ile robo ya nne ilifika 20? Daftari linaonyesha kwamba mafungu 11 kati ya hayo yalikuwa ya msaada, na yalipokelewa yakiwa yamebakiza muda mfupi sana. Hayakuharibika kwa sababu ya upangaji wa stoo, na mwaka uliofuata msaada wa namna hiyo haukuja. Ukiyaacha ndani ya hesabu, unadai sifa kwa kutokuja kwa mzigo ambao hukuuzuia wewe. Yakiondolewa, mwaka wa kwanza unabaki na 35. Kutoka 35 hadi 19 ni pungufu ya mafungu 16, yaani karibu asilimia 46.

Swali la mwisho kuhusu namba ni hili: je, mzigo wenyewe ulikuwa uleule? Kama stoo ilipokea nusu ya dawa za mwaka uliotangulia, upotevu ungeshuka wenyewe. Leja ya mapokezi inaonyesha mafungu 410 mwaka wa kwanza na 402 mwaka wa pili, karibu sawa, kwa hiyo ulinganisho unasimama. Ungekuwa haulingani, angeandika uwiano badala ya idadi: mafungu mangapi yaliisha muda katika kila 100 yaliyopokelewa.

Kwa hiyo kutoka asilimia 80 tumeshuka mpaka 46. Najua inauma. Lakini jaji anayefahamu kazi hiyo akiona 80 ataanza kutafuta tundu, na akilipata, ataacha kuamini hata yale ya kweli. Akiona 46 pamoja na maelezo kwamba mafungu ya msaada yameondolewa kwenye hesabu, ameshaonyeshwa kwamba mwandishi alijihoji mwenyewe kwanza.

Namba ndogo nazo zina mtego wake. Ikiwa malalamiko yalishuka kutoka 4 hadi 2, usiandike "asilimia 50". Andika "kutoka 4 hadi 2" na umwachie msomaji. Kama jumla yako ni chini ya 20 hivi, asilimia hukuza mambo kuliko inavyoyaeleza. Hicho ni kipimo changu mwenyewe, si kanuni ya mahali popote. Tena, kiwango kikipanda kutoka asilimia 60 hadi 75, hakikupanda "kwa asilimia 15". Kimepanda kwa pointi 15 za asilimia. Robo ya 60 ni 15, kwa hiyo ongezeko lenyewe ni asilimia 25. Njia salama ni kutaja namba zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na kuachana na mabishano.

Tenganisha mkono wako na mikono ya wengine

Kazi chache sana hufanywa na mtu mmoja, na majaji wanalijua hilo. Kwa hiyo anayedai kila kitu hutiliwa shaka, na anayesema "tulifanya" mwanzo hadi mwisho hupewa alama za mtu asiyeonekana. Kuna wanaosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye fomu ya tuzo methali hiyo haina msaada, kwa sababu jaji hajawahi kukanyaga ofisini kwako.

Orodhesha watu wote walioshiriki, na mbele ya kila mmoja andika kitendo alichofanya. Kwa mtunza stoo wetu orodha ilitoka hivi. Yeye alipendekeza utaratibu, akabandika lebo za rangi kwenye dawa zilizobakiza chini ya miezi sita, na kila mwezi akatengeneza orodha ya dawa hizo na kuituma wodini ili zitumike kwanza au zihamishiwe zinakohitajika. Mfamasia mkuu aliidhinisha utaratibu na kupunguza kiasi cha kuagiza kwa dawa nane zilizokuwa zinabaki sana. Mwenzake wa takwimu alitengeneza jedwali la kompyuta linaloonyesha tarehe.

Sasa jambo gumu limejitokeza: kupunguza kiasi cha kuagiza nako kulishusha upotevu, na hilo lilikuwa la mfamasia. Hakuna hesabu rahisi ya kutenganisha mchango wa kila mmoja. Usibuni mgawanyo kama "asilimia 70 ya mafanikio haya ni yangu". Taja hatua zote mbili, useme ipi ilikuwa yako, umwache msomaji apime.

Vitenzi ndivyo vinavyobeba ukweli hapa. "Nilibuni" maana yake wazo halikuwepo mahali pako kabla yako; kama uliliona kwingine ukalileta, andika "nilileta" au "nilianzisha hapa". Kupanga stoo ili dawa zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza ni kanuni ya siku nyingi katika utunzaji wa dawa, na mtunza stoo akisema aliibuni, jaji mfamasia atatabasamu tu. Alichobuni, kwa ushahidi wa muhtasari wa kikao, ni ile orodha ya kila mwezi kwenda wodini. "Niliongoza" kunahitaji kwamba wengine walifuata maelekezo yako. "Nilishiriki" kunatosha kwa mengi ambayo watu huyaita kuongoza.

Chunga pia vitenzi visivyo na mtendaji. "Utaratibu mpya ulianzishwa na mafanikio yalipatikana" inasikika kuwa ya unyenyekevu, kumbe inamnyima jaji jina la aliyefanya. Kwenye fomu hii, kitendo chako kianze na nili-, cha wengine kitajwe kwa cheo chao, na tuli- ibaki kwa yale mliyofanya kwa pamoja kweli.

Andika, na usimame ushahidi unapokoma

Mpangilio unaofaa ni tatizo, ulichofanya, kilichobadilika, na mpaka wa dai lako. Hiyo sehemu ya nne watu huiogopa, wakidhani inawapunguzia alama. Haihitaji kuwa ndefu. Sentensi moja au mbili zinatosha.

Hivi ndivyo muhtasari wa mtunza stoo ulivyotoka:

"Mwaka uliotangulia kipindi cha tuzo, mafungu 46 ya dawa yaliisha muda yakiwa stoo. Mafungu 11 kati ya hayo yalikuwa ya msaada uliopokelewa ukiwa karibu kuisha muda. Nimeyaondoa katika ulinganisho huu. Mwanzoni mwa kipindi nilipendekeza kwamba stoo itume wodini, kila mwezi, orodha ya dawa zilizobakiza chini ya miezi sita. Baada ya mfamasia mkuu kuidhinisha, nilitengeneza na kutuma orodha hiyo miezi yote 12, na kubandika lebo za rangi kwenye dawa husika. Jedwali la tarehe lilitengenezwa na afisa takwimu. Katika kipindi hicho mafungu yaliyoisha muda yalikuwa 19, kutoka 35, huku mapokezi yakiwa karibu sawa (mafungu 402, kutoka 410). Katika kipindi hichohicho mfamasia mkuu alipunguza kiasi cha kuagiza kwa dawa nane, hatua ambayo nayo ilichangia. Sikupima athari kwa wagonjwa. Ushahidi: daftari la dawa zilizoisha muda na leja ya mapokezi (Kiambatisho A na B), muhtasari wa kikao (C), orodha 12 za kila mwezi (D)."

Linganisha na rasimu ya kwanza. Mapinduzi hayapo, maisha yaliyookolewa hayapo, asilimia hazipo kabisa. Hata hivyo jaji sasa anajua mambo mengi zaidi kuhusu mtu huyu: aliona tatizo, akapendekeza, akafanya kwa miezi 12 bila kuruka, akaacha kumbukumbu. Hizo orodha 12 mimi naziona zina nguvu kuliko namba zote, kwa sababu ni vigumu kuzitengeneza baada ya tukio.

Ile "nayo ilichangia" kuhusu mfamasia ipime pia kwa kipimo hichohicho. Je, tunajua ilichangia? Kama miongoni mwa zile dawa nane kuna zilizoisha muda mwaka wa kwanza na hazikuisha muda mwaka wa pili, sawa. Kama daftari halisemi hivyo, andika "hatua ambayo huenda nayo ilichangia". Sifa unazowapa wengine zisizidi ushahidi, kama vile unazojipa mwenyewe zisivyopaswa kuuzidi.

Ikiwa fomu imebana maneno 100 tu, usikate ushahidi ili kuokoa sifa. Kata historia ya tatizo, kata maelezo ya lebo, acha kitendo kimoja kikuu, namba mbili na herufi za viambatisho. Sentensi ya mpaka wa dai ibaki.

Futa maneno yasiyopimika

Pitia rasimu ukiwa na kalamu na utafute: makubwa, ya kipekee, ya hali ya juu, kwa kiasi kikubwa, wa kwanza, daima, wote. Kila unapokutana na moja, jaribu kulifuta. Sentensi ikibaki na maana ileile, lilikuwa pambo. Ikipoteza maana, basi neno lilikuwa linajaribu kufanya kazi ya namba, na ni namba unayopaswa kuitafuta. "Wa kwanza" ni hatari kuliko mengine: ili kuthibitisha, ungelazimika kujua walichofanya wote waliokutangulia. "Kumbukumbu za stoo za miaka mitano hazionyeshi orodha kama hii" ni dai linaloweza kukaguliwa, mradi umezikagua kweli.

Wape wawili waisome, kisha iwasilishe

Msomaji wa kwanza awe mtu aliyeifanya kazi hiyo pamoja nawe, hasa yule unayehisi anaweza kunung'unika. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize: "Kuna sentensi hapa ambayo ungesimama kikaoni ukaipinga?" Mfamasia mkuu asome sehemu inayomtaja kabla ya fomu kwenda, si baada ya matokeo kutangazwa. Msomaji wa pili awe mtu asiyeijua kazi yako. Baada ya kusoma, akueleze kwa maneno yake ulichofanya. Akisema jambo kubwa kuliko ulilofanya, maandishi yako yana chumvi iliyojificha mahali, hata kama kila sentensi peke yake ni kweli. Mara nyingi ni mpangilio unaofanya matokeo yaonekane yametoka kwa kitendo kimoja. Akisema dogo, kuna kitenzi umekificha.

Viambatisho vipewe herufi zilezile zilizo kwenye maandishi, na kila namba ya muhtasari iwekewe alama kwenye ukurasa inapotoka, ili jaji asisome daftari zima kutafuta 19. Kama namba ni jumla uliyoihesabu wewe, weka karatasi moja inayoonyesha ulivyojumlisha: 9, 8, 9 na 20, kutoa 11, ni 35.

Hifadhi nakala ya kila kitu ulichotuma pamoja na lile jedwali la safu nne. Majaji wakiita kwa mahojiano, maswali yao yatatoka humo. Na ukigundua baada ya kuwasilisha kwamba namba moja ina kosa, waandikie waandaaji siku hiyohiyo, taja ukurasa, namba iliyoandikwa, namba sahihi na ilikotoka. Mistari mitatu inatosha.